Mgonjwa mmoja, siku moja: mchana nilikatazwa streptokinesi, usiku nikaambiwa niiweke haraka. Kwa nini?

Tabibu_Nyanda
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni daktari wa mwaka wa pili kazini, niko hospitali ya mkoa nyanda za juu kusini. Kutoka kwetu mpaka Dar es Salaam gari la wagonjwa linatumia kama saa kumi. Kathilabu, yaani chumba cha kupiga picha na kuzibua mishipa ya moyo, hatuna. Tuna mashine ya ECG, tuna troponini ya kadi, na siku ya kisa hiki famasi ilikuwa na vichupa viwili tu vya streptokinesi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu.

Mgonjwa ni mzee wa miaka 58, seremala, ana presha na amevuta sigara tangu ujana. Ameniruhusu nisimulie ili wengine wajifunze, nami nimeondoa kila kitu cha kumtambulisha.

Kwa miezi minane alikuwa akipanda kilima kutoka sokoni, akifika kwenye mwembe fulani kifua kinambana. Kila siku ni mwembe uleule. Anasimama, anashika shina, dakika tatu hivi kinaachia, anaendelea na safari. Alikwenda kituo cha afya, akapimwa ECG akiwa amelala, ikatoka safi. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa omeprazoli.

Siku kumi kabla ya kuja kwetu mambo yakabadilika. Kifua kikaanza kumbana kabla hajafika kwenye mwembe, halafu akiwa uani kwake, halafu akiwa amekaa. Siku aliyokuja, maumivu yalimwamsha saa kumi na moja alfajiri, yakakaa dakika 25, yakaisha yenyewe. Saa mbili asubuhi yuko mapokezi, haumwi, anaomba chai. Troponini hasi. Kwenye ECG, ST, kile kipande cha mstari kabla ya wimbi la T, haikupanda wala kushuka, ila mawimbi ya T kwenye V2 na V3, lidi za mbele ya kifua, yalianza kwa kupanda kisha yakazama chini ya mstari. Mwenzangu alitaka kumruhusu. Daktari bingwa wetu akakataa kwa simu, akasema alazwe, apewe aspirini 300 atafune, klopidogreli 300, atorvastatini 80 na enoksaparini kwa kilo zake.

Saa nane mchana nikarudia troponini, ikawa chanya. Nikampigia bingwa: "Dokta, sasa ni shambulio la moyo kweli, niweke streptokinesi?" Akasema hapana, tena kwa ukali. Saa tatu na nusu usiku, mgonjwa yuleyule, akaniambia niiweke sasa hivi.

Sikupata nafasi ya kumuuliza vizuri, amehama kikazi. Naomba mnisaidie kuelewa. Mshipa ni uleule, mtu ni yuleyule.

MwanafunziTano
Dokta, hili tumelisoma juzi. Troponini hasi ni anjaina isiyo tulivu. Troponini chanya bila ST kupanda ni NSTEMI, hapo mshipa umeziba nusu na shambulio ni dogo. ST ikipanda milimita 1 ni STEMI, mshipa umeziba wote, shambulio ni kubwa. Streptokinesi ni ya STEMI tu kwa sababu mwongozo unasema hivyo. Kwa hiyo mgonjwa wako alipita hatua zote nne kama ngazi.

Mzee_Karatasi
Mwanafunzi, umeshika njia nzuri, ila kuna sehemu tatu za kurekebisha, nami nitazirekebisha taratibu maana nimesoma karatasi za ECG kwa miaka mingi na nimeona watu wakipotea hapohapo.

Tuanze na mwembe. Miezi minane ile mzee alikuwa na anjaina tulivu, na dalili yake haikuwa kipimo chochote, ilikuwa ule mwembe. Ndani ya mshipa wake mmoja wa moyo kulikuwa na gamba la mafuta limejijenga ukutani taratibu, likabana njia. Gamba la namna hiyo lina ngozi nene juu yake, halipasuki kirahisi. Akiwa amekaa, damu inayopita inatosha. Akipanda kilima moyo unadai damu zaidi, na njia haiwezi kutanuka kumpa. Msuli unalia. Akisimama, madai yanashuka, maumivu yanaisha. Ndiyo maana maumivu yanakuja mahali palepale kwa kazi ileile. Na ndiyo maana ECG yake akiwa kitandani ilitoka safi: ulimpima wakati hana deni. Ungempima akiwa kwenye mwembe, pengine ungeona ST imeshuka, na angepumzika ungeiona inarudi. ECG safi kitandani haimfukuzi mgonjwa wa kifua. Aliyempa omeprazoli hakumuuliza swali moja tu: "Inakuja ukila, au inakuja ukipanda?"

Siku kumi za mwisho ni ugonjwa mwingine, ingawa mshipa ni uleule. Ngozi ya gamba imepasuka au imechubuka. Damu ikigusa mafuta yaliyomo ndani, chembe sahani zinakimbilia pale zinashikana, bonge linaanza. Bonge hilo linakua, linayeyuka kidogo, linakua tena. Kwa hiyo maumivu hayana adabu tena, hayangoji kilima. Hapo kazi haikuongezeka, ila damu ndiyo iliyopungua.

Anjaina isiyo tulivu na NSTEMI zote ni bonge hilo hilo. Tofauti yake ni kama msuli umeanza kufa na kumwaga troponini, au bado. Ndiyo maana bingwa wako hakungoja troponini ya pili ndipo aanze dawa. Aliitibu historia.

NesiWaUsiku
Mzee, shikamoo. Naomba nirudi kwenye karatasi ya asubuhi. Wimbi linalopanda halafu linazama kwenye V2 na V3, mgonjwa haumwi. Sisi wodini tungeandika "haina tatizo" tukaendelea. Kwa nini bingwa alishtuka?

Mzee_Karatasi
Marahaba, dada. Hilo ndilo ninalolipenda katika kisa hiki.

Wimbi hilo linaitwa la Wellens, na linakuja wakati maumivu yameisha. Maana yake ni kwamba mshipa mkuu wa mbele ulikuwa umeziba, au karibu kuziba, kisha ukafunguka. Saa kumi na moja alfajiri, kwa zile dakika 25, kama kungekuwa na mashine pembeni ya kitanda chake nyumbani, huenda ungeona ST imepanda. Bonge likayeyuka kidogo, damu ikapita, na T ikageuka chini kama kovu la tukio lililopita. Siku zinazofuata T hiyo huzama zaidi, ikawa kama shimo refu.

Kwa hiyo karatasi ya asubuhi haikuwa safi. Ilikuwa inakuambia kwamba mlango ulifungwa alfajiri, sasa uko wazi, na bawaba ni mbovu. Mgonjwa wa namna hii hafanyiwi kipimo cha kukimbia kwenye mashine, maana unaweza kumfungia mlango ukiwa umesimama naye.

Troponini hasi saa mbili asubuhi nayo isikudanganye. Zilikuwa zimepita saa tatu tu tangu maumivu, na kadi nyingi za kwetu huanza kusoma baada ya saa nne mpaka sita. Kipimo kimoja cha mapema hakimalizi shauri. Hospitali zenye troponini nyeti sana zinarudia baada ya saa moja au tatu. Sisi wenye kadi tunangoja saa sita. Ndivyo alivyofanya Tabibu, na alifanya vizuri.

Tabibu_Nyanda
Mzee, umenigusa hapo kwenye mlango. Naomba nimalizie sehemu ya usiku, kwa sababu nilifanya kosa na sijalisema bado.

Saa tatu usiku maumivu yalirudi. Jasho likamtoka mpaka shuka ikalowa, akasema ni kama mtu amemkalia kifuani. Saa tatu na dakika kumi nikachukua ECG. Nikaangalia V2 na V3, yale mawimbi yaliyokuwa yamezama sasa yalikuwa yamesimama wima, mazuri, marefu kidogo. ST haijapanda. Nikamwambia nesi, "ECG yake imerudi kawaida." Nikampa kidonge cha chini ya ulimi na morfini kidogo, nikaenda kumuona mgonjwa mwingine.

Nesi ndiye aliyekataa kuamini. Akabandika tena, saa tatu na nusu. ST ilikuwa imepanda milimita 4 kwenye V2 mpaka V4, na kwenye II, III na aVF ilikuwa imeshuka. Nikaishiwa nguvu. Dakika 20 zile zinaniuma mpaka leo.

Mzee_Karatasi
Mwanangu, wengi tumewahi kuipita karatasi hiyo, na nashukuru umeiandika hapa ili mwingine asiipite.

T ya Wellens imezama kwa sababu mlango uko wazi. Mlango ukifungwa tena, T inaacha kuzama, inasimama. Kwa dakika chache inafanana na ya mtu mzima wa afya. Kisha inanenepa na kurefuka, ndipo ST inapanda. Kwa hiyo T iliyokuwa chini, ikasimama huku mgonjwa analia kifua, haijapona. Huo ndio mshipa unaziba mbele ya macho yako.

Kinachookoa hapo ni kuwa na karatasi mbili mkononi, ya asubuhi na ya sasa, na juu ya kila moja kuandikwa saa na maneno mawili: "anaumwa" au "haumwi." Karatasi moja peke yake ingekudanganya hata kama ingekuwa mbele yangu mimi. Na mgonjwa anayeumwa mwenye ECG ya mashaka hupimwa tena kila baada ya dakika 15 mpaka 30, usingoje asubuhi.

Nikirudi kwa Mwanafunzi: ile milimita 1 ni kweli kwa lidi nyingi, yaani kijiraba kimoja kidogo, katika lidi mbili zinazopakana. Lakini V2 na V3 zina kipimo chao. Mwanamume wa miaka 40 na zaidi unataka milimita 2, kijana chini ya hapo 2.5, mwanamke 1.5. Vijana wengi wenye afya ST yao imepanda kidogo hapo kwa maumbile yao. Ukitumia 1 kwa wote utampa streptokinesi kijana aliyechoka kwa mpira.

BintiMfamasia
Naomba nijibu swali lenyewe la mwenye uzi, maana naona bado. Kwa nini mchana hapana, usiku ndiyo?

Streptokinesi, tenekteplesi na ndugu zake zinayeyusha nyuzi za faibrini zinazoshika bonge. STEMI ina bonge jekundu, limejaa nyuzi hizo, limeziba njia kabisa. Dawa inapata kazi. Bonge la NSTEMI mara nyingi ni jeupe zaidi, limejengwa na chembe sahani, na nyuzi ni chache. Ukimwaga dawa ya kuyeyusha nyuzi, unaiachia huru thrombini iliyokuwa imefungwa ndani ya bonge, na thrombini ni kichocheo kikali cha chembe sahani. Mshipa uliokuwa unapitisha damu unaweza kuziba kwa sababu yako. Hasara nyingine ni kuvuja damu kichwani, ambako hutokea kwa wagonjwa kati ya 0.5 na 1 hivi katika kila 100 wanaopewa dawa hizi. Usiku ule hatari hiyo ilikuwa na thamani. Mchana ungeibeba bure.

Si maneno matupu. Utafiti wa TIMI IIIB uliochapishwa 1994 uliwapa dawa ya kundi hili watu wenye anjaina isiyo tulivu na mashambulio yasiyopandisha ST, na hawakupata faida, mashambulio yakaongezeka. Kabla yake ISIS-2 ya 1988, yenye wagonjwa zaidi ya 17,000, nayo ilionyesha kwamba wenye ST iliyoshuka hawakufaidika na streptokinesi.

Swali langu kwa Tabibu: enoksaparini ya pili ilikuwa saa ngapi? Kama alichomwa asubuhi saa tatu, basi dozi ya pili iliangukia saa tatu usiku, na nusu saa baadaye unaweka streptokinesi. Sikuona mtu akiligusa hilo.

MamaNeema
Samahani madaktari, mimi si mtu wa hospitali, nimeletwa huku na dada yangu. Mama yangu ana miaka 66, akipanda ngazi za kanisani kifua kinambana, akikaa kinaachia. Ana vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Nimesoma hiyo dawa ya kuyeyusha damu, naomba mniambie inauzwa wapi na bei gani ninunue niiweke ndani, maana sisi tuko mbali na hospitali.

BintiMfamasia
Pole na kuuguza, mama. Hiyo dawa haiwekwi nyumbani. Inaingia kwa mshipa, mgonjwa akiwa kwenye mashine, na ikiwekwa kwa mtu ambaye mshipa wake haujaziba inaweza kumletea damu kichwani. Mama yako kwa maelezo yako yuko pale kwenye "mwembe", si kwenye ule usiku.

Mzee_Karatasi
Mama Neema, nikuongezee, kwa sababu swali lako ni la watu wengi. Ngazi zilezile, kukaa kunamaliza, hiyo ni anjaina tulivu. Matibabu yake ni ya kila siku: aspirini ndogo, dawa ya kushusha mafuta ya damu, dawa ya kupunguza mapigo ya moyo kama anaweza kuitumia, presha na sukari zishikwe vizuri. Wengi huuliza kwa nini asiwekewe stenti mara moja. Utafiti wa ISCHEMIA uliotoka 2020 uliwafuata zaidi ya watu 5,000 wa aina hii, na waliopelekwa mapema kuzibuliwa hawakufa kidogo kuliko waliotibiwa kwa dawa kwanza. Walichopata ni maumivu kupungua. Kwa hiyo stenti kwa mama yako ni shauri la kukaa na daktari wake, wala si mbio.

Kidonge cha chini ya ulimi: akae kwanza, asikiweke akiwa wima, maana presha inashuka ataanguka. Dakika tano zikipita maumivu hayajaachia, mnatoka kwenda hospitali, hamngoji kuona. Na siku ngazi tatu zitakapofanya kazi ya ngazi kumi, au kifua kikimbana amelala, hiyo si shida yake ya zamani tena. Mpeleke siku hiyohiyo hata kama maumivu yameisha mkifika getini.

MamaNeema
Asante sana baba. Wiki hii amesema kinambana hata akitandika kitanda. Nilidhani ni baridi.

Mzee_Karatasi
Mpeleke leo hiihii, msingoje kesho. Waambie neno hilo hilo la kitanda.

Tabibu_Nyanda
Binti, umeniuliza swali gumu. Enoksaparini ya pili ilichomwa saa tatu kasoro dakika tano usiku, dakika chache kabla maumivu hayajaanza. Nilimwambia bingwa, akasema endelea, usiongeze nyingine ya mshipa.

Streptokinesi ilianza saa nne kasoro dakika kumi. Vipimo 1,500,000 ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi, kwa saa moja. Kabla ya hapo nilimuuliza, nikiwa nimeshika orodha mkononi: kiharusi cha kuvuja damu wakati wowote, kiharusi kingine miezi ya karibuni, upasuaji, kutapika damu, kuanguka na kuumia kichwa, maumivu yanayochana mgongoni. Hakuna. Presha 148 kwa 92.

Dakika ya 15 presha ikaanguka mpaka 85 kwa 50, akawa kama anasinzia. Nikapunguza mwendo wa dripu, nikainua miguu, nikampa maji, presha ikapanda, nikarudisha mwendo. Ufizi ulivuja kidogo, na pale nilipokosa mshipa mara ya kwanza kukawa na uvimbe wa bluu mkubwa kama yai. Dakika ya 50 mashine ikaonyesha mapigo mapana, ya taratibu, 75 kwa dakika. Nilitaka kumpa amiodaroni. Nesi akasema, "Dokta, anaongea vizuri, presha ipo, hebu tumngoje." Yakaisha yenyewe.

Dakika ya 90 nikapima ECG. ST iliyokuwa milimita 4 ilikuwa 1.5. Maumivu yameisha. Nilikaa kwenye kiti cha nesi, nikalia.

Mzee_Karatasi
Enoksaparini haikuwa kosa. Dawa za kuyeyusha bonge hutolewa pamoja na enoksaparini kwa kawaida, ili bonge jipya lisijijenge. Kosa lingekuwa kuongeza juu yake. Baada ya hapo usichome sindano yoyote ya msuli, na usitafute damu kwenye ateri isipokuwa huna budi.

Mapigo mapana ya taratibu yale ni ya mshipa kufunguka. Hayahitaji amiodaroni kama mtu ana fahamu na presha. Huyo nesi wako ni hazina.

Na kipimo cha dakika 60 mpaka 90 kinaangaliwa hivi: ile lidi iliyopanda zaidi, je, imeshuka kwa zaidi ya nusu? Yako ilishuka kutoka 4 mpaka 1.5, imevuka nusu. Isingeshuka, hapo ndipo gari lingeondoka usiku uleule, kwa sababu dawa imeshindwa na kilichobaki ni puto la kuzibua mshipa kathilabu. Streptokinesi pia hairudiwi kwa mgonjwa huyohuyo, mwili unakuwa umeshaijua. Liandike kwenye faili lake kwa herufi kubwa.

DoktaSafari
Nimesoma kimya mpaka hapa, sasa natofautiana na wengi. Mgonjwa mwenye T ya Wellens saa mbili asubuhi na troponini chanya saa nane, huyo ni wa kuonekana kathilabu ndani ya saa 24. Angewekwa kwenye gari saa tatu asubuhi, saa moja jioni angekuwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Saa tatu usiku mshipa ukiziba, anaziba akiwa mlangoni kwa watu wenye stenti. Mlimkalisha siku nzima kwa sababu "haumwi."

NesiWaUsiku
Na kama ungeziba saa tisa mchana, gari liko katikati ya pori, ndani kuna nesi mmoja na mtungi wa oksijeni? Nimesindikiza wagonjwa njia hiyo. Mtandao wa simu unapotea sehemu mbili. Wodini alikuwa na mashine, dawa na watu.

DoktaSafari
Naelewa, dada. Lakini kumngoja azibe si mpango. Ukimsafirisha unabeba na mashine ya kushtua moyo na streptokinesi kwenye begi. Magari yetu mengi hayana, hilo najua, na ndilo la kudai.

Mzee_Karatasi
Wote wawili nimewahi kuwa upande wenu kwa wagonjwa tofauti. Mwongozo uko upande wa Safari. Barabara iko upande wa Nesi. Ningeanza kupiga simu Dar saa tatu asubuhi, si saa nane, ili uamuzi ufanywe na watu wawili wakiwa wameona karatasi. Zaidi ya hapo sina jibu la kila hospitali.

STEMI ndiyo haina mjadala: kama puto haliwezi kufika ndani ya dakika 120 tangu ECG isome, unaweka dawa hapo ulipo, ndani ya dakika 10, mradi hazijapita saa 12 tangu maumivu. Halafu ndipo unasafirisha. Usimpeleke saa kumi za barabara akiwa amezibwa.

MwanafunziTano
Basi nimeelewa: ST ikishuka hakuna kuyeyusha, ST ikipanda unayeyusha. Na lile la tatu ulilosema nimekosea ni lipi, mzee?

Mzee_Karatasi
Ndilo hilo hasa, mwanangu. Ukuta wa nyuma wa moyo hauna lidi inayoutazama. Ukiziba, ST inapanda mgongoni, na wewe uliyesimama mbele unaiona imeshuka kwenye V1 mpaka V3, kama kuangalia karatasi kwa nyuma. R inakuwa ndefu, T imesimama. Utaandika NSTEMI ukalala, na kumbe ni STEMI. Hamisha lidi tatu mpaka chini ya bega la kushoto kwa nyuma, V7, V8 na V9. Huko nusu milimita inatosha.

Na usiseme NSTEMI ni mshipa uliobanwa nusu. Wakifanyiwa picha ya mishipa, karibu robo ya wagonjwa wa NSTEMI wanakutwa na mshipa ulioziba kabisa. ECG tu haikuuona. Ndiyo maana NSTEMI ambaye maumivu hayaachii baada ya dawa, au presha inaanguka, au moyo unaruka mapigo ya hatari, anapelekwa kathilabu haraka kama STEMI, bila kungoja ST ipande. Kuna mabingwa wanaosema tuache kabisa majina haya mawili, tuulize tu kama mshipa umeziba au haujaziba. Mimi bado natumia ya zamani, lakini hoja yao naiheshimu.

Kijana_wa_Zahanati
Wakubwa, mimi niko kituo cha afya visiwani, tabibu msaidizi. Sina troponini, sina streptokinesi, sina enoksaparini. Boti iko asubuhi na jioni. Mashine ya ECG tuliletewa mwaka jana. Kwangu uzi huu unanisaidia nini?

BintiMfamasia
Aspirini unayo, kaka? Kwenye ile ISIS-2 streptokinesi peke yake ilipunguza vifo kwa asilimia 25. Aspirini peke yake, nusu kidonge kikubwa kwa siku kwa mwezi mmoja, ilipunguza kwa asilimia 23. Zote pamoja 42. Kwa hiyo kile kidonge cha bei ya chini ulichonacho droo ni karibu sawa na kichupa tunachokililia hapa. Mpe miligramu 300 atafune, asimeze nzima, kama hana mzio na hatapiki damu.

Mzee_Karatasi
Na kabla hujaweka kidonge cha chini ya ulimi, uliza mambo mawili. Je, amemeza dawa ya nguvu za kiume jana au juzi? Wanaume hawalisemi mbele ya mke, mtoe mke nje kwa heshima ndipo uulize. La pili, kama ST imepanda kwenye II, III na aVF, pima V4 upande wa kulia. Ikiwa imepanda huko, chumba cha kulia cha moyo kimeguswa, na kidonge hicho kitamwangusha presha. Huyo anataka maji.

Kisha piga picha karatasi kwa simu, itume hospitali ya juu kabla hujaita boti. Andika saa maumivu yalipoanza.

Tabibu_Nyanda
Wakuu, narudi na habari ya mzee. Aliondoka kwetu alfajiri, akachunguzwa Dar kesho yake asubuhi. Mshipa mkuu wa mbele ulikuwa umebanwa asilimia 90 karibu na chimbuko lake, damu inapita. Amewekewa stenti moja. Jana alikuja kliniki na mkewe, nikamuuliza kuhusu kilima. Akasema ameanza kupanda polepole, na kwenye mwembe anasimama bado, kwa mazoea tu.

NesiWaUsiku
Mimi nimechapa karatasi zake tatu, ya saa mbili asubuhi, ya saa tatu na dakika kumi na ya saa tatu na nusu, nimekata jina, nimezibandika ukutani juu ya mashine ya ECG. Juu ya kila moja nimeandika kwa kalamu nyekundu: haumwi, anaumwa, anaumwa. Jana daktari mpya amesimama mbele yake muda mrefu, akaweka kidole kwenye ile ya katikati, akaniuliza, "Hii nayo si ni ya kawaida?"